Fahamu: Kwa nini jino lililozibwa huuma ukitafuna

Dereva wa lori, tuseme, anazibwa jino Tororo asubuhi, kisha anavuka Malaba kuingia Kenya taya likiwa bado na ganzi. Jioni anatafuna nyama, na jino hilo linagonga kabla ya mengine.

Tatizo ni nini?

Ukifunga mdomo, magego ya juu na ya chini hukutana karibu kwa pamoja, yakigawana nguvu ya kuuma. Kizibo kikizidi kimo hata kwa unene wa unywele, jino moja hubeba mzigo huo. Nyuzi zinazolishika kwenye mfupa huvimba: likigongwa linauma, na maji baridi hulichoma. Misuli ya taya nayo huchoka ikitafuta namna ya kuuma vizuri.

Ganzi ya taya la chini hudumu saa kadhaa, hivyo jibu la "niko sawa" pale kitini halitoshi.

Hurekebishwaje?

Daktari hukausha jino, humwambia mgonjwa aume karatasi nyembamba ya rangi, kisha husaga kidogo pale penye doa zito. Ni kazi ya dakika chache, bila kung'oa kizibo.

Na kusaga meno usingizini?

Hiyo ni habari nyingine, ingawa wengi huzichanganya. Huhusishwa zaidi na msongo wa mawazo na usingizi wenyewe kuliko mpangilio wa meno. Dalili zake ni ncha zilizolika zikawa bapa, na taya zito asubuhi. Kifaa cha plastiki kinachovaliwa usiku hulinda meno. Tabia yenyewe hakiiondoi.