Kombeo: Nguvu ya Mzunguko na Hesabu ya Kuachia

Mwaka 123 KK jemadari wa Kirumi, Metellus, alipokuwa akiviendea Visiwa vya Baleari, mashariki ya Hispania, aliamuru ngozi zitandazwe juu ya sitaha za merikebu zake. Hakuzitandaza kukinga jua. Alikuwa akiwahofia wenyeji wa visiwa hivyo, waliojulikana kote kwenye Bahari ya Mediterania kwa kurusha mawe kwa kombeo, silaha ambayo kwa wafugaji ni chombo cha kila siku cha kurudisha mnyama aliyepotoka na kufukuza mbwamwitu.

Chombo chenyewe ni kamba mbili na kikoba cha kuwekea jiwe katikati. Kamba moja ina kitanzi kinachovishwa kidole ili isichomoke. Nyingine ina fundo tu, linalobanwa kati ya gumba na kidole cha shahada. Kuachia jiwe ni kulegeza fundo hilo.

Kombeo halina mpira wa kuvutwa kama manati, kwa hiyo kamba haiweki nguvu yoyote ndani yake. Nishati yote imo kwenye jiwe linalokwenda kasi, na inatoka mkononi. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: mkono ukitulia tuli katikati ya duara, kamba huvuta jiwe kuelekea katikati tu. Mvuto huo unapinda njia ya jiwe bila kuliongezea kasi hata kidogo, na upepo huanza kulipunguza mwendo. Ndiyo maana kiganja cha mrushaji nacho huchora duara dogo, kikitangulia jiwe kidogo. Kamba inapolala kwa mshazari namna hiyo, sehemu ya mvuto wake hulivuta jiwe mbele, na kila mzunguko huongeza nishati, kama anayesukuma bembea kwa wakati wake.

Lakini nyongeza hiyo ina kikomo. Baada ya mizunguko michache mkono hauwezi tena kulitangulia jiwe, na kuzungusha zaidi ni kujichosha bure. Warushaji wazoefu huzungusha mara moja au mbili, kisha hupiga hatua mbele, hupindua kiuno na kunyoosha mkono wote kwa mkupuo. Mkupuo huo wa mwisho ndio unaotoa sehemu kubwa ya kasi, kwa sababu sasa jiwe linazungushwa na urefu wa mkono pamoja na kamba.

Tuchukue jiwe la gramu 100, lililo mita moja na nusu kutoka begani, likienda mita 30 kwa sekunde. Lina nishati ya jouli 45. Lingerushwa kwa mkono mtupu kwa nusu ya kasi hiyo, lingekuwa na robo tu ya nishati, kwani kasi ikiongezeka maradufu nishati huongezeka mara nne. Wakati huohuo kamba inavuta vidole kama mzigo wa kilo sita, na fundo lililobanwa vibaya huponyoka kabla ya wakati.

Likiachiwa, jiwe haliendelei kuzunguka, wala haliruki kutoka katikati kwenda nje. Hufuata mwelekeo liliokuwa nao nukta ileile, yaani mstari unaogusa ukingo wa duara, na baada ya hapo ni uvutano wa dunia na hewa tu vinavyoipinda njia yake. Katika mfano wetu, jiwe linageuka zaidi ya nyuzi 1,100 kila sekunde. Mrushaji akichelewa kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde, mwelekeo umebadilika kwa nyuzi 11 hivi, na shabaha iliyo mita 30 mbele inakoswa kwa karibu mita sita.

Kosa hilo litaangukia wapi? Inategemea duara limelalaje. Akizungusha kwa ulalo juu ya kichwa, kuwahi au kuchelewa hulipeleka jiwe kushoto au kulia, hatari kwa aliyesimama kando. Akizungusha kwa wima na kurusha kutoka juu, kuwahi hulipeleka jiwe angani, kuchelewa hulipiga chini mbele ya miguu yake. Mstari wa kulia na kushoto unabaki sawa, na anayejifunza huona mara moja kosa lake ni lipi.

Mwanahistoria Diodoro wa Sisilia aliandika kwamba Mbaleari alibeba makombeo matatu: moja kichwani, la pili kiunoni, la tatu mkononi. Strabo anaeleza kuwa refu lilikuwa la masafa marefu na fupi la karibu. Hesabu inawaunga mkono: kamba ndefu hutoa kasi kubwa kwa idadi ileile ya mizunguko, ilhali fupi hubebeka na kuzungushwa upesi, na kwa shabaha iliyo karibu kuchelewa kidogo hakulipotezi jiwe mbali sana.