Kibwagizo ni cha Nani?

Katika tamasha za shule nchini Kenya, kundi la wanafunzi hupanda jukwaani kughani shairi moja kwa sauti nyingi. Mara nyingi mishororo hugawanywa kwa mazoea: mmoja anatangulia, wote wanadaka kibwagizo. Ndivyo tulivyozoea kuimba, kiongozi akitoa na wenzake wakipokea. Lakini kabla ya kugawa, inafaa kuuliza kila mshororo: hapa anasema nani?

Chukua ubeti huu, nilioutunga kwa ajili ya mazoezi ya wanafunzi 20:

Ngalawa i safarini, upepo umegeuka,
Mama yuko ufuoni, taa yake imewaka,
Wimbi linapiga pwani, na giza limefunika,
Baba u wapi jamani, mbona bado hujafika?

Ukwapi wa kwanza ni habari tulivu, kwa hiyo nawapa watatu wenye sauti ya wastani. Utao wake umebeba hatari. Hapo huingia sauti nzito 7, kwa chini, bila kupaza, ili msikilizaji ahisi upepo ukigeuka. Mshororo wa pili una mtu mmoja tu gizani. Ausome msichana mmoja. Wa tatu hupanda: watano waanze na “Wimbi”, wawe 10 kwenye “linapiga pwani”, na wote 20 wafunike na giza. Kisha kimya, muda wa pumzi moja.

Kimya hicho kikivunjwa na watu 20 wanaopaza “Baba u wapi”, ubeti umeharibika, kwa sababu swali hilo ni la mtoto. Aulize mtoto mmoja mwenye sauti nyepesi. Kama shairi lina beti 4, ubeti wa pili waulize watatu, wa tatu nusu ya kundi, wa mwisho kundi zima. Maneno ni yale yale, ila sasa kijiji chote kinamlilia baba.

Kinachoyumbisha makundi mengi ni irabu. Kwenye “upepo umegeuka”, o na u hukutana. Wapo wanaozitamka zote mbili, na wapo wanaosema “upepumegeuka”, mizani 7 badala ya 8. Hawa hufika mapema, na “ka” ya mwisho husikika mara mbili. Nikisikia hivyo, nawarudisha wauseme mshororo kwa kunong’ona, polepole, wakihesabu mizani kwa vidole. Katika mnong’ono anayemeza irabu hujulikana upesi.

Kosa lingine ni kutua kila penye kina, mshororo baada ya mshororo, mpaka shairi linakuwa bembea. Kwenye kibwagizo hiki namwomba yule mtoto asitue kwenye “jamani”. Aiunganishe na “mbona” kwa pumzi ile ile, na pumzi imwishie kwenye “hujafika”.