Gia Ndogo Iliyozidi Kipimo: Hesabu ya Usogezo wa Meno

Pawatila zinazolima mashamba ya mpunga ya Usangu, wilayani Mbarali, na yale ya Pawaga, mkoani Iringa, hufanya kazi ndani ya tope, na tope hilo likiingia kwenye giaboksi, gia ndogo ndiyo huwahi kulika, kwa kuwa kila jino lake hugusana na gia kubwa mara nyingi zaidi. Fundi wa Mbeya au Iringa anayetaka kukereza gia mpya kwa kuiga ile ya zamani huhesabu meno, hupima kwa kalipa kipenyo cha ncha, yaani upana wa gia kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili, kisha hugawanya kipenyo hicho kwa idadi ya meno pamoja na mbili ili kupata moduli, ambayo ndiyo kipimo cha ukubwa wa jino na cha kikataji kitakachotumika.

Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu, gia ndogo ya meno 12 ambayo kipenyo chake cha ncha ni milimita 58.4. Ukigawanya kwa 14 unapata 4.17, na kikataji cha moduli hiyo hakimo katika vipimo vya kawaida. Kalipa haikukosea, kilichokosekana katika hesabu ni usogezo.

Gia ya pembe ya mgandamizo ya nyuzi 20 yenye meno yasiyofika 17 ikikatwa kwa namna ya kawaida, ncha ya kikataji huchimba shina la jino na kulidhoofisha pale linapobeba mzigo. Dawa yake ni kukirudisha kikataji nyuma, mbali na kitovu cha gia, na umbali huo wa kurudi ukigawanywa kwa moduli huitwa kizigeu cha usogezo, kinachoandikwa `x`. Kiasi cha chini kinachozuia kuchimbwa ni takriban `(17 − z)/17`, ambapo `z` ni idadi ya meno. Kwa meno 12 ni 0.29, kwa hiyo 0.3 inatosha. Kwa kuwa kikataji kimerudi nyuma, jino zima limesogea nje, na kipenyo cha ncha kinakuwa:

`da = m(z + 2 + 2x)`

Kwa moduli 4, jibu ni 4 × 14.6, yaani milimita 58.4 badala ya 56. Hapo ndipo ile 4.17 inapopata maelezo yake.

Umbali kati ya vitovu vya gia mbili unahitaji uangalifu zaidi. Ikiwa gia kubwa ina meno 36 yasiyosogezwa, umbali wa kawaida ni 4 × (12 + 36)/2, yaani milimita 96, na wengi hudhani kwamba inatosha kuongeza 4 × 0.3 ili kupata 97.2. Lakini katika umbali huo gia zingekuwa zimeachana kidogo, na ili ubavu wa jino uguse ubavu wa mwenzake inabidi zisogezwe karibu zaidi, jambo linalopatikana kwa kutafuta pembe mpya ya mgandamizo:

`inv αw = inv α + 2 tan α (x1 + x2)/(z1 + z2)`

Hapa `inv` ni tanjiti ya pembe ukitoa pembe yenyewe kwa radiani. Inapatikana 0.01945, ambayo ni pembe ya nyuzi 21.79, na umbali halisi ni `96 cos 20°/cos 21.79°`, yaani milimita 97.15. Zile 0.05 zilizopungua hula nafasi iliyoachwa kati ya ncha ya jino moja na shina la mwenzake, ambayo kwa moduli 4 ni milimita 1. Kwa hiyo, ili nafasi hiyo ibaki kamili, ncha za gia zote mbili hupunguzwa kidogo, 58.4 ikawa 58.3 na 152 ikawa 151.9. Ncha ya jino dogo hubaki na unene wa takriban milimita 1.8, ambao unatosha. Usogezo ukizidi mno, jino huchongoka na kuvunjika nchani.

Kasha la giaboksi, hata hivyo, halitanuki. Matundu ya beringi yakiwa yametobolewa kwa milimita 96, gia ndogo ya `x` 0.3 itakwama ikikutanishwa na gia kubwa isiyosogezwa, na hapo inafaa gia kubwa ipewe −0.3, ili jumla iwe sifuri, umbali ubaki 96, na kipenyo cha ncha cha gia kubwa kishuke kutoka 152 hadi 149.6. Matundu yakiwa ya 97.15, kisha ikakatwa gia ndogo ya kawaida ya 56, meno yatakuwa na mwanya unaozidi milimita 0.8, na mlio wa kugongana utasikika kila mzigo unapobadilika.

Kipenyo cha gia iliyolika kinaweza kudanganya, kwa kuwa ncha zake huenda zimeshasagika, lakini matundu ya beringi hayasagiki kwa namna hiyo. Kwa hiyo fundi apime kwanza umbali wa matundu hayo kwenye kasha, ndipo akate chuma.