Urari Unaolingana na Kosa Linalobaki Ndani Yake

Urari ni orodha ya masalio ya akaunti zote za leja katika tarehe moja. Jumla za pande zake zinapolingana, huthibitika jambo moja tu: jumla ya masalio ya debiti ni sawa na jumla ya masalio ya krediti. Urari hauthibitishi kwamba akaunti iliyoandikwa ndiyo iliyostahili.

Chukulia kampuni iliyolipa shilingi 1,200,000 kutengeneza lori. Karani aliikrediti akaunti ya benki ipasavyo, lakini akaidebiti akaunti ya Magari badala ya akaunti ya Matengenezo. Kwa kuwa akaunti zote mbili huwa na salio la debiti, jumla haikubadilika hata kwa senti moja.

Athari yake hujitokeza katika faida. Iwapo magari hukatwa uchakavu wa asilimia 25 ya gharama kila mwaka, shilingi 300,000 pekee ndizo zitakazohesabiwa kuwa gharama ya mwaka huo. Hivyo faida na thamani ya mali huzidi kwa 900,000, na faida ya kila mmoja wa miaka mitatu inayofuata hupungua kwa 300,000.

Kosa hili hugunduliwa kwa kulinganisha akaunti ya Magari na rejesta ya mali za kudumu, kisha kudai ankara ya kila ongezeko. Ankara itaonyesha kazi ya gereji, si gari jipya. Kuujumlisha upya urari hakutalifichua kamwe.