Deni la Siku Moja

Mkopo unaolipwa kwa mkupuo una adabu ya ajabu: kila mwezi unadai riba tu, na deni lenyewe linakaa kimya hadi siku ya mwisho. Ndipo linapoamka lote kwa pamoja. Dawa inayojulikana ni kufungua mfuko wa pembeni, uwekewe kiasi kilekile kila mwezi, ili siku hiyo ikifika fedha ziwe tayari. Ni dawa nzuri, ila bei yake husomwa na wachache.

Tuseme mfanyabiashara wa Tanzania amekopa shilingi 10,000,000 kwa miaka 5, riba asilimia 15 kwa mwaka. Kila mwezi anampelekea mkopeshaji riba ya shilingi 125,000. Mfuko wake nao unazaa asilimia 9 kwa mwaka, faida ikiongezwa kila mwezi. Ili ufike milioni 10 baada ya miezi 60, lazima auwekee takriban 132,600 kila mwezi. Jumla zinamtoka shilingi 257,600. Angelipa riba na deni pamoja kwa marejesho sawa ya kila mwezi, kwa riba ileile ya asilimia 15, zingemtoka takriban 237,900 tu. Tofauti ya karibu 19,700 kila mwezi, kwa miaka mitano, ni zaidi ya shilingi milioni 1.1, na haimnunulii chochote zaidi ya heshima ya kuwa na akaunti mbili.

Sababu iko wazi. Kila shilingi inayolala mfukoni inazaa 9 huku pacha wake aliyeko kwenye deni akila 15. Viwango hivyo viwili vingekuwa sawa, njia zote mbili zingegharimu kiasi kilekile. Kwa hiyo mkopeshaji akikubali kupokea deni kidogo kidogo bila adhabu, mpe. Mfuko una maana pale anapokataa, au pale mkopo unapokuwa wa bei nafuu kuliko faida ya mfuko.

Hata hesabu hiyo ya 9 ina tundu. Riba ya amana Tanzania hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, hivyo 9 inabaki 8.1. Akiendelea kuweka 132,600 bila kurekebisha, siku ya mwisho atapungukiwa na karibu shilingi 230,000. Akiruka mwezi wa kumi, pengo linaloongezeka si 132,600 bali karibu 186,000, kwa sababu anapoteza na faida ya miezi 50 iliyofuata. Ndiyo maana mfuko hauangaliwi kwa salio pekee. Unahitaji jedwali linaloonyesha salio linalotakiwa kila mwezi, na pengo likionekana lizibwe mwezi huohuo, likiwa bado dogo. Pia usiwe kwenye akaunti ambayo mwenyewe anaweza kuigusa, maana biashara ikikwama, fedha iliyo karibu huwa haina jina.

Serikali nazo hukutana na hesabu hii, kwa sifuri nyingi zaidi. Mwaka 2014 Kenya iliuza Yurobondi yake ya kwanza, na sehemu ya miaka kumi, baada ya kuongezwa Desemba mwaka huohuo, ikafikia dola bilioni 2. Riba yake ilikuwa asilimia 6.875, na deni lote lilitakiwa Juni 2024. Kugawanya bilioni 2 kwa miezi 120, bila kuhesabu faida yoyote, ni dola milioni 16.7 kwa mwezi. Mwaka 2014, dola moja ilipouzwa kwa shilingi 87 hivi za Kenya, hizo zilikuwa shilingi bilioni 1.45. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na kiasi kilekile cha dola kikadai shilingi bilioni 2.67. Mfuko wa deni la dola uliowekwa kwa shilingi unaweza kufuata jedwali lake bila kuruka mwezi na bado ukapungua.

Kuuwekeza katika hatifungani za serikali ya Kenya yenyewe nako si suluhisho, kwani serikali ingekuwa inajidai na kujilipa riba kwa kodi ileile. Mahali pa maana zaidi pa kuweka fedha hizo ni deni lenyewe: hatifungani hiyo ya kulipwa 2024 ingenunuliwa sokoni ilipouzwa chini ya thamani yake, kila dola ingefuta zaidi ya dola moja ya mkupuo.

Haikwenda hivyo. Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, na kwa fedha hizo ikanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla ya Juni. Deni la asilimia 6.875 likazaa la 9.75. Safari hii, walau, hakuna mkupuo: deni jipya litalipwa kwa mafungu matatu sawa, 2029, 2030 na 2031.