Mstari Mmoja Chini ya Jina

Mstari wa utambulisho ni kipande cha sentensi, chenye maneno kama kumi, kinachokaa chini ya jina la mtumaji katika saini ya barua pepe. Kazi yake ni kumwambia mtu asiyemjua mtumaji kwamba huyu aliyeandika anafanya kazi gani hasa. Mstari huu si cheo, kwa kuwa cheo hutaja ngazi ya mtu ofisini. Wala si tangazo, kwa kuwa tangazo humwomba msomaji afanye jambo. Mstari wa utambulisho hutaja kazi, ukaishia hapo.

Barua inayomfikia mgeni kwa mara ya kwanza husomwa kwa namna yake. Mpokeaji huona jina asilolifahamu, husoma mistari miwili mitatu ya mwanzo, kisha hushuka moja kwa moja hadi mwisho kutazama ni nani anayemwandikia. Akikuta jina tupu, inambidi akisie. Akikuta “Mkurugenzi Mtendaji”, anajua kwamba mtu huyo ana madaraka, lakini hajui ni ya kitu gani. Neno “Mshauri” halimsaidii zaidi, maana kuna mshauri wa kilimo, wa kodi, wa ndoa na wa kompyuta. Hapo ndipo mstari unapohitajika. Barua yenyewe hueleza kwa nini mtumaji ameandika leo, na mstari hueleza yeye ni nani siku zote. Ndiyo maana ombi, salamu au punguzo la bei havina nafasi ndani yake.

Kadirio la maneno kumi linatokana na nafasi iliyopo. Mwongozo wa adabu za mtandao uitwao RFC 1855, uliotolewa mwaka 1995, ulishauri kwamba saini isizidi mistari minne, na ushauri huo bado unafaa. Mstari wa kwanza ukichukuliwa na jina, na mwingine na namba ya simu, kinachobaki ni kidogo. Maneno kumi ya Kiswahili huwa na herufi kama 60 au 70, yakihesabiwa pamoja na nafasi zilizo kati yake. Urefu huo hukaa vizuri katika mstari mmoja wa kompyuta na, kwa kawaida, katika mistari miwili ya simu. Yakifika maneno 20, kwenye simu huwa ni aya nzima, na aya iliyo chini ya jina watu hawaisomi.

Namna ya kuutunga mstari huo huonekana vizuri katika mfano mmoja ukifuatwa hatua kwa hatua. Mfano wenyewe ni wa mfasiri anayejitegemea, ambaye sehemu kubwa ya kazi zake hutoka kwa watafiti wa afya. Mtu haingizwi katika utafiti wa afya kabla hajaelezwa, kwa lugha anayoielewa, utafiti unahusu nini na una hatari gani. Nchini Tanzania lugha hiyo kwa wengi ni Kiswahili. Watafiti nao mara nyingi huandika kwanza kwa Kiingereza, hivyo fomu ya ridhaa na hojaji zake hulazimika kufasiriwa. Mfasiri huyu anataka kuwaandikia watafiti wasiomjua.

Rasimu yake ya kwanza inasomeka hivi: “Mfasiri, mkalimani, mhariri, mshauri wa lugha na mtoa huduma bora za mawasiliano kwa taasisi mbalimbali.” Ni maneno 15, na pengine yote ni kweli. Kasoro yake ni kwamba mtafiti mwenye fomu mkononi hapati neno hata moja linaloigusa fomu hiyo. Kazi tano zilizopangwa mstari mmoja hupunguzana nguvu, kwa sababu msomaji hajui ipi ndiyo kazi yenyewe na zipi ni za kubahatisha. “Bora” ni sifa ambayo mtu hajipi mwenyewe, na “mbalimbali” haitaji taasisi yoyote.

Rasimu ya pili inakwenda upande wa pili: “Mfasiri wa Kiingereza na Kiswahili.” Ni fupi na safi, lakini inawafaa wafasiri wote wa lugha hizo mbili. Mtafiti akiwa na barua tatu kutoka kwa wafasiri watatu, mstari huu haumsaidii kuchagua. Upungufu wake ni kukosa kitu kinachofasiriwa.

Rasimu ya tatu inaleta kitu hicho: “Mfasiri wa nyaraka za matibabu kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwa ajili ya hospitali na watafiti wa afya.” Sasa habari ipo, ila maneno yamefika 17, na tisa kati yake ni ya kuunganisha tu: wa, za, kutoka, kwenda, kwa, ajili, ya, na, wa. Hapa ndipo Kiswahili kinapohitaji uangalifu wake. Kila nomino inayofuata nyingine hudai kiunganishi, kwa hiyo mstari hurefuka bila habari kuongezeka. Dawa si kuvitupa viunganishi hivyo, maana sentensi itavunjika. Dawa ni kupunguza mahali panapovihitaji. “Kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili” huweza kuandikwa “Kiingereza-Kiswahili”, na kwa desturi ya wafasiri lugha inayotajwa kwanza ndiyo inayofasiriwa. Maneno ya “kwa ajili ya hospitali na watafiti” huondoka yote iwapo kitu kinachofasiriwa kitatajwa kwa jina lake halisi. Anayesema “fomu za ridhaa” amekwisha kumtaja mtafiti.

Matokeo ni rasimu ya nne: “Mfasiri wa fomu za ridhaa na hojaji za afya, Kiingereza-Kiswahili.” Ni maneno kumi, herufi 65 pamoja na nafasi. Maneno sita yanabeba habari na manne yanaunganisha. Mtafiti akiusoma anaiona karatasi iliyo mezani kwake. Mwenye mkataba wa ardhi unaotaka kufasiriwa anajua kwamba huenda amtafute mwingine, na hilo nalo ni msaada kwake. Mstari unaomkaribisha kila mtu hauna mtu unayemwita.

Kiswahili kina njia nyingine ya kusema hayo hayo, ambayo ni kuanza na kitenzi: “Nawafasiria watafiti wa afya fomu za ridhaa kwa Kiswahili cha wagonjwa.” Neno “nawafasiria” peke yake linamtaja mtendaji, wakati, watendewa na kwamba kazi inafanywa kwa ajili yao. Sentensi ina uhai, na katika mazungumzo ingependeza. Katika saini, nomino hufaa zaidi, na sababu yake ni ya kikazi. Mpokeaji ambaye leo hana kazi ya kutoa huenda akaipata baada ya miezi mitatu. Jina la mtumaji atakuwa amelisahau, hivyo ataandika “mfasiri” katika kisanduku cha kutafutia barua. Huduma nyingi za barua pepe hutafuta neno kama lilivyoandikwa, na “nawafasiria” haitaonekana kwa anayetafuta “mfasiri”. Mstari wenye jina la kazi husomwa siku ya kwanza na hupatikana siku ya haja.

Si kila kazi inayotaka habari zile zile. Kwa mfasiri, mahali anapoishi si jambo kubwa, kwa kuwa maandishi husafiri. Mpima ardhi hali yake ni tofauti, kwani lazima afike shambani. Mstari wake huweza kuwa: “Mpima ardhi aliyesajiliwa, viwanja na mipaka ya mashamba, mkoa wa Morogoro.” Mkoa umetajwa kwa sababu unabadilisha uamuzi wa msomaji. Neno “aliyesajiliwa” lipo kwa sababu hiyo hiyo, na ni neno la kulichunga. Nchini Tanzania wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wahasibu husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Jina la taaluma yenye bodi halichukuliwi na mtu aliyesoma tu bila kusajiliwa. Kufanya hivyo ni kuvunja sheria, na mpokeaji anaweza kuuliza bodi husika.

Jambo jingine linaloharibu mstari ni kuwataja wateja. Jina la hospitali kubwa chini ya jina la mfasiri huonekana kama ushahidi mzuri, lakini nyaraka za wagonjwa na za utafiti ni siri. Mtafiti anayeona wateja wa jana wametangazwa hujiuliza kama yeye naye atatangazwa kesho. Idadi ya miaka nayo ina tatizo lake. “Uzoefu wa miaka sita” huwa uongo mwaka unaofuata kama hakuna aliyekumbuka kuubadilisha.

Mstari ukishaandikwa hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuuweka chini ya jina la mwenzake wa taaluma ile ile. Ukimfaa naye bila kubadilisha neno, bado haujasema jambo. Ya pili ni kumwonyesha mtu wa nje ya taaluma kwa sekunde chache, kuuficha, kisha kumwuliza ni kazi gani angempelekea mtu huyu. Akijibu “fomu za hospitali, za kufasiri”, mstari umefika. Akijibu “mambo ya lugha”, kitu kinachofanyiwa kazi hakijaonekana, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Saini nzima ya mfasiri wa mfano huu huonekana hivi:

```
-- 
Jina Kamili
Mfasiri wa fomu za ridhaa na hojaji za afya, Kiingereza-Kiswahili
Simu: namba moja tu
```

Vistari viwili vinavyofuatwa na nafasi moja ni alama ya zamani ya barua pepe inayotenga saini na barua. Baadhi ya programu huitambua na kuiondoa saini mtu anapojibu. Mstari uandikwe kwa maandishi ya kawaida, usiwe picha. Programu nyingi huzuia picha katika barua ya mgeni, na maneno yaliyo ndani ya picha kwa kawaida hayatafutiki.

Katika Gmail ya kompyuta, saini huwekwa kwenye `Settings`, `See all settings`, `General`, kisha `Signature`. Hapo huruhusiwa kutengeneza saini zaidi ya moja, kwa hiyo anayewaandikia Waswahili na Waingereza awe na saini mbili, kila moja kwa lugha yake. Kuchanganya lugha mbili katika mstari mmoja huurefusha maradufu. Chini yake kuna machaguo mawili: `FOR NEW EMAILS USE` na `ON REPLY/FORWARD USE`. Saini kamili huwekwa kwa barua mpya. Kwa majibu huwekwa jina peke yake, kwa kuwa mtu aliyekwisha kujibu anajua anazungumza na nani. Programu ya simu ina mahali pake pa saini, napo paangaliwe. Barua ya kwanza ikitoka kwenye simu iliyosahauliwa, mgeni atapokea jina tupu, au tangazo la aina ya simu lililokuja nayo kutoka kiwandani.

Mstari hubadilishwa kazi inapobadilika. Mfasiri yule akianza kupokea mikataba mingi kuliko fomu za ridhaa, maneno yake kumi yatakuwa yanamwita mteja wa zamani, na itabidi aandike mengine kumi.