Kinachoendelea Kichwani Mwa Mwanafunzi Aliyelala

Mwaka 2016 mtafiti Stéphanie Mazza wa Chuo Kikuu cha Lyon, Ufaransa, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la vijana 40 na maneno 16 ya Kiswahili. Vijana hao walikuwa wanazungumza Kifaransa na Kiswahili hawakukijua. Kila neno liliwatokea kwenye kompyuta likiwa na maana yake kwa sekunde chache, kisha likaja peke yake na wao wakatakiwa kuandika maana. Aliyekosa alioneshwa jibu, na neno lile likarudi tena baadaye. Hakuna aliyeruhusiwa kumaliza mpaka kila neno awe amelipata walau mara moja.

Hapo wakagawanywa. Kundi moja lilijifunza asubuhi, likaendelea na shughuli za mchana, likarudi jioni. Kundi jingine lilijifunza jioni, likaenda kulala, likarudi asubuhi. Kila upande ulikuwa na saa 12 za kusubiri, na maneno yalikuwa yaleyale. Waliporudi, walipimwa kwanza wanakumbuka mangapi kabla ya kuoneshwa chochote. Walioshinda macho walikumbuka maneno saba na nusu kwa wastani. Waliolala walikumbuka kama 10. Baada ya hapo wote waliambiwa warudie mpaka wayapate yote 16. Walioshinda macho walihitaji mizunguko kama sita. Waliolala walihitaji kama mitatu.

Hiyo mizunguko mitatu dhidi ya sita ndiyo sehemu ninayotaka kila mwanafunzi anayekesha na madesa aitafakari. Waliolala walikumbuka zaidi, lakini si hilo tu. Hata yale maneno yaliyowatoroka asubuhi yalirudi kwa urahisi zaidi, maana yake kulikuwa na kitu kilichobaki kichwani ambacho hakikuweza kutoka chenyewe lakini kilikuwa tayari kushikwa upya. Nusu ya kazi ya kurudia ilikwisha kufanyika wakiwa kitandani. Walipopimwa tena baada ya wiki moja, na tena baada ya miezi sita, waliolala kati ya vipindi viwili vya kusoma bado walikuwa mbele.

Ni kazi gani hiyo inayofanyika mtu akiwa amelala? Unaposoma jambo jipya usiku, linashikwa kwanza na hipokampasi, sehemu ndogo iliyopinda iliyo ndani ya ubongo, moja kila upande, usawa wa masikio. Kazi yake ni kuunganisha kwa haraka vitu vilivyokuja pamoja: istilahi, mchoro wa ubaoni, mfano alioutoa mhadhiri. Inajifunza upesi sana, lakini inachokishika hakijatulia, na kila kinachoingia baadaye kinaweza kukivuruga. Tabaka la nje la ubongo, ambalo ndilo huhifadhi maarifa kwa miaka, lina tabia tofauti. Linajifunza polepole na linahitaji kurudiwa. Basi kilichopo hipokampasi lazima kirudiwe mara nyingi mbele ya tabaka hilo, na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni ule ambao macho na masikio hayaleti habari mpya.

Marudio hayo yameshuhudiwa. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walipachika nyaya nyembamba kwenye hipokampasi za panya na kusikiliza seli mojamoja. Panya akitembea mahali fulani, seli fulani huwaka pamoja. Panya alipolala baada ya kutembea, seli zilezile zilizowaka pamoja njiani ziliwaka tena pamoja. Ubongo ulikuwa unarudia safari bila miguu kusogea. Baadaye watafiti walionesha kwamba hata mpangilio wa hatua hufuatwa, ila kwa kasi kubwa kuliko ile ya kutembea kwenyewe.

Kwa binadamu, mtu akipachikwa vipokeo vya umeme kichwani na kulala, jambo hili huonekana kama midundo. Katika usingizi mzito tabaka la nje hutoa mawimbi makubwa ya polepole, kama moja kwa sekunde au chini ya hapo. Juu ya mawimbi hayo hupanda vipindi vifupi vya mapigo ya haraka, 12 hadi 15 kwa sekunde, vinavyodumu sekunde moja hivi na kukatika. Ndani yake, hipokampasi hurusha mitetemo mifupi ya kasi zaidi, na ni katika mitetemo hiyo ambapo marudio hufanyika. Midundo hii mitatu inapooana, habari hupita kutoka hipokampasi kwenda nje.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika uwanja huu lilifanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2007 na Björn Rasch, Jan Born na wenzao. Watu walijifunza jioni mahali zilipo jozi 15 za kadi zilizofunikwa, huku wakinusa harufu ya waridi. Walipozama kwenye usingizi mzito, harufu ileile ikapulizwa tena puani bila kuwaamsha. Asubuhi walikumbuka karibu asilimia 97 ya jozi, ilhali usiku waliopuliziwa hewa isiyo na harufu walikumbuka kama asilimia 86. Harufu ilipotolewa wakati wa usingizi wa ndoto, au watu wakiwa macho, haikusaidia. Kwa hiyo kinachofanya kazi si kule kupumzika tu. Kuna hatua maalumu ya usingizi ambamo somo la jioni linafunguliwa tena, na ukiligusa hapo unaliona likiimarika.

Hatua hiyo ina ratiba yake. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Usingizi mzito hujaa kwenye saa za mwanzo, na kadiri alfajiri inavyokaribia usingizi huwa mwepesi zaidi, wenye ndoto nyingi na yale mapigo mafupi ya haraka kwa wingi. Anayelala saa 10 usiku na kuamka saa 12 na nusu atapata sehemu kubwa ya usingizi wake mzito, kwa kuwa ubongo uliochoka huutanguliza, lakini saa zote za mwisho amezikata. Na kahawa ya saa 4 usiku haiishi pale unapofunga daftari. Kwa mtu mzima wa kawaida huchukua kama saa tano nusu ya kafeini kuondoka mwilini, na wengine zaidi, na inayobaki huufanya usingizi mzito kuwa mwepesi hata kama umefumba macho vizuri.

Sasa nije kwenye hoja ambayo wanafunzi huitoa, nayo ni ya haki: mbona mtu hukesha na akafaulu? Jibu zuri limetoka Singapore, ambako watafiti mwaka 2019 waliwafundisha vijana habari nyingi za aina mbalimbali za siafu na kaa, somo lisilo na mvuto wowote maalumu. Katikati ya masomo wengine walilala saa moja mchana, wengine wakatumia saa hiyo kukariri zaidi, wengine wakapumzika tu. Nusu saa baada ya somo, waliolala na waliokariri wote walifanya vizuri kuliko waliopumzika. Baada ya wiki, waliolala pekee ndio walioendelea kuwa mbele kwa kiasi cha kuonekana. Kukariri kulilipa, ila kwa muda mfupi. Ndiyo sababu somo la mwaka wa kwanza ulilolifaulu kwa kukesha unalikuta mwaka wa pili kama hujawahi kulisoma.

Kukesha usiku mzima kuna hasara nyingine, ya kesho yake. Mwaka 2007 Matthew Walker na wenzake huko Marekani walionesha kwamba watu waliokosa usingizi usiku mmoja, walipooneshwa picha mpya mchana uliofuata, walizikumbuka vibaya kuliko waliolala, na hipokampasi zao zilifanya kazi kwa uchovu walipokuwa wakizitazama. Mlango wa kuingizia somo ulikuwa umefungwa nusu. Dalili zake unaweza kuziona mwenyewe usiku huohuo. Unasoma aya, unafika mwisho, hujui ilisema nini, unarudi juu. Mwandiko unaanza kuteremka kutoka kwenye mstari. Hatari zaidi, kila ukurasa unauona unaufahamu kwa kuwa umeupitia mara nne, lakini ukifunika karatasi huwezi kutaja hata vichwa vya habari. Kulitambua jambo ukiliona na kulitoa kichwani bila kuliona ni vitu viwili, na mtihani mwingi hudai hicho cha pili. Wanafunzi wana msemo wao kwa hali hii, msuli tembo, matokeo sisimizi.

Chukua mwanafunzi wa uuguzi mwenye mtihani wa anatomia Alhamisi saa 3 asubuhi, na moja ya mada ni neva 12 za fuvu: jina, namba na kazi ya kila moja. Jumanne saa 2 usiku anazisoma, anafunika, anaandika, anasahihisha, anarudia zile alizokosa tu. Saa 4 na nusu amezipata zote walau mara moja. Hapo anaacha, ingawa anatamani kuendelea, na saa 5 amelala. Jumatano saa 12 asubuhi, kabla ya kufungua daftari, anachukua karatasi tupu na kuandika anachokumbuka. Tuseme zimekuja saba, na ya tisa na ya kumi amezichanganya kwa kuwa zote zinahudumia koo. Asivunjike moyo kwa hizo tano. Vijana wa Lyon nao hawakukumbuka yote asubuhi. Anazirudia hizo tu, na ataona zinashikika upesi kuliko jana. Jumatano usiku anazipitia mara moja na kutumia muda uliobaki kwa mada nyingine.

Usingizi hauwezi kuimarisha kisichoingia. Washiriki wa Lyon walikwisha kulipata kila neno kabla ya kwenda kulala, na aliyepitisha macho tu juu ya kurasa 60 hana cha kurudiwa usiku.

Na kama umebakiwa na usiku mmoja, chagua mada chache unazoweza kuzimaliza kwa kujitahini mwenyewe kabla ya saa 6 usiku, uziache nyingine, ulale. Amka saa 12 na karatasi tupu, uandike kwanza, ndipo ufungue daftari.